Bei ya dharura huhesabiwa kwa saa zinazosogezwa

Ninatafsiri na kuhariri nyaraka kwa kujitegemea. Maombi mengi yanayonifikia huja na neno "haraka" ndani yake, na kazi ngumu kwangu si kutafsiri usiku kucha, ni zile dakika ishirini za mwanzo ambamo ninapaswa kusema ndiyo au hapana, na kutaja bei ambayo sitaijutia Jumapili jioni.

Wengi katika kazi zetu hutoza nyongeza ya asilimia isiyobadilika. Kazi ya haraka kidogo, nyongeza ya asilimia 25. Ya haraka zaidi, 50. Ya usiku mmoja, bei mara mbili. Ni njia rahisi kueleza kwa simu, na kwa kazi ya ukubwa wa kati haina ubaya. Kasoro yake ni kwamba asilimia haijui saa zinatoka wapi. Kuna wiki ambayo kazi ya haraka inaingia kwenye siku iliyokuwa tupu, na hapo haijaninyima kitu. Kuna wiki nyingine ambapo kazi ileile inakula saa nilizokwisha kumwahidi mtu, usingizi, na siku ya mapumziko. Mteja anataka kitu kimoja katika hali zote mbili, ila mimi ninatoa vitu tofauti kabisa. Ndiyo maana ninahesabu saa zenyewe kwanza, na asilimia naiacha ijitokeze mwishoni.

Mfano mmoja utaonyesha vizuri kuliko maelezo. Alhamisi saa 10 alasiri alinipigia mteja niliyewahi kumfanyia kazi. "Dada, tuna zabuni ya kuwasilisha. Maneno 9,000. Tunaihitaji Jumatatu saa 3 asubuhi."

Nilimjibu: "Kaka, Jumatatu saa 3 kunatokea nini hasa?"

Swali hili naliuliza kila mara, kwa sababu muda wa mwisho unaotajwa na mteja mara nyingi si muda wa mwisho wa jambo lenyewe. Pengine bosi anataka kusoma kabla ya kikao cha Jumatano, na anayenipigia amejiwekea siku mbili za usalama bila kuniambia. Pengine hakuna kinachotokea, ni wasiwasi tu. Safari hii jibu lilikuwa zito. Zabuni zilikuwa zinafungwa Jumatatu saa 6 mchana, na zabuni inayochelewa hurudishwa bila kufunguliwa. Hapo hakuna cha kubembeleza. Lakini jibu lilinipa pia kitu cha pili: kati ya maneno yale 9,000, maneno 3,600 yalikuwa viambatisho, yaani wasifu wa wataalamu na orodha ya miradi ya zamani. Nilimwomba asome masharti ya zabuni akiwa bado kwenye simu. Masharti yaliruhusu viambatisho viwasilishwe katika lugha ya asili, na tafsiri yake ifuate ndani ya wiki mbili. Dharura ya maneno 9,000 ikawa ya maneno 5,400, kabla hata hatujazungumzia pesa.

Kisha nikafanya hesabu. Kwa maandishi ya aina hii ninatafsiri maneno kama 300 kwa saa, na ninapitia tafsiri iliyokamilika kwa kasi ya maneno kama 1,000 kwa saa nikiwa nimeweka matini ya asili pembeni. Maneno 5,400 ni saa 18 za kutafsiri, saa 5 na nusu za kupitia, na nusu saa ya kupanga majedwali: jumla saa 24. Viambatisho, kwa hesabu hiyohiyo, ni kama saa 16. Kazi nzima ni saa 40. Siku ya kawaida ninapata saa 6 za umakini wa kweli, zinazobaki ni barua, simu na ankara. Kwa hiyo kazi hii kwa mwendo wa kawaida ingechukua zaidi ya wiki moja ya kazi.

Upande wa pili wa hesabu ni saa zilizopo. Alhamisi jioni, kuanzia saa 12 hadi saa 3 usiku, nilikuwa na saa 3. Ijumaa mchana saa 6, na jioni yake 3. Jumamosi 9. Jumapili 6 za mchana na 3 za jioni. Jumla saa 30. Kazi nzima ya saa 40 haiingii humo hata kwa nyongeza ya asilimia 300, na ni jambo ambalo mtu aliyezoea kutaja asilimia anaweza kulikubali bila kuliona. Kazi ya saa 24 inaingia, na inaacha saa 6 za akiba. Hiyo ni sehemu moja ya tano ya muda wote, na kwangu ndicho kiwango cha chini. Faili likifika na kurasa zilizopigwa picha badala ya maandishi, umeme ukikatika, kichwa kikiuma, akiba ndiyo inayolipa. Ninapoona hesabu imejaa hadi saa ya mwisho, sikubali kazi ilivyo. Naomba ipunguzwe au igawanywe na mwenzangu.

Bado kulikuwa na zile saa 6 za Ijumaa. Hazikuwa tupu. Nilikwisha kumwahidi mteja mwingine kazi yake Jumatatu, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake. Kabla ya kutoa jibu lolote nilimpigia huyo wa pili na kumwuliza kama Jumatano ingemfaa. Alikubali bila shida. Angekataa, saa zile zingetoka kwenye hesabu, zingebaki 24 bila akiba hata moja, na ningemrudishia mwenye zabuni jibu la hapana. Simwambii mteja ninayemchelewesha kwamba kuna mtu anayelipa zaidi. Ninamwuliza tu kama siku nyingine inafaa, na akisema haifai, mjadala umeisha hapo. Ahadi ya kwanza ina haki ya kwanza.

Sasa bei. Ili nisichanganye mambo, ninapima kwa saa ya kawaida: saa moja ya mchana, siku ya kazi, isiyokuwa na mwenyewe, ni 1. Saa ya jioni ni 1.5, kwa sababu inafuata siku ambayo tayari imefanyiwa kazi. Saa ya mwisho wa juma ni 2. Na saa ya mchana iliyohamishwa kutoka kwa mteja mwingine nayo ni 1.5, kwa sababu ile kazi yake iliyosogezwa nitaifanya jioni za wiki inayofuata. Namba hizi si sheria. Mwenye watoto wadogo anaweza kuweka saa ya Jumapili kuwa 3, na anayependa kufanya kazi usiku akaiweka jioni kuwa 1.2. La muhimu ni kuziamua siku tulivu, zikiwa zimeandikwa mahali, kwa sababu mtu akiwa kwenye simu na mteja mwenye wasiwasi, huruma ndiyo inayopanga bei.

Nilizigawanya saa 24 hivi: Alhamisi jioni 3, Ijumaa mchana 6, Jumamosi 9, Jumapili mchana 6. Jioni za Ijumaa na Jumapili nikaziweka akiba. Alhamisi ilitoa 4.5, Ijumaa 9, Jumamosi 18, Jumapili 12. Jumla 43.5 badala ya 24. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 81 kwa sehemu ya dharura. Viambatisho, ambavyo ningevikabidhi Ijumaa ya wiki iliyofuata, vilibaki na bei yake ya kawaida, 16. Ankara nzima ikawa 59.5 badala ya 40, yaani karibu nusu zaidi ya bei ya kawaida. Mteja aliyekuwa anaogopa kuambiwa "bei mara mbili" alishusha pumzi, nami nilikuwa nimelipwa kwa kila saa niliyoitoa mahali pake.

Saa za akiba sizitozi kama sikuzitumia. Nikizitumia kwa sababu nimekwenda polepole, ni juu yangu. Nikizitumia kwa sababu mteja amebadilisha kitu, analipa kwa bei ya saa hiyo. Hilo nililiandika kwenye ujumbe ule ule wa bei, na likaja kutumika mapema kuliko nilivyotarajia.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi, na uliweka masharti manne. La kwanza, muda unaanza kuhesabiwa faili la mwisho, idhini ya maandishi na nusu ya malipo vikishafika, si tangu tulipoongea. Hili ndilo linalookoa kazi nyingi za haraka, maana wapo wateja wanaosema Alhamisi kwamba "tumekubaliana" halafu faili likafika Ijumaa usiku, na bado Jumatatu ikabaki pale pale. La pili, awepo mtu mmoja wa kujibu maswali yangu Jumamosi na Jumapili, mwenye mamlaka ya kuamua, na namba yake ya simu niwe nayo. La tatu, mabadiliko yoyote yaje yakiwa yamewekwa alama. La nne linanihusu mimi: nikichelewa kwa sababu yangu, nyongeza yote inafutwa na mteja analipa bei ya kawaida. Sharti hili nimeliweka kwa makusudi. Nyongeza ni malipo ya kufika kwa wakati, na ambaye hakufika kwa wakati hajaiuza bidhaa hiyo.

Alijibu baada ya dakika arobaini. Swali lake lilikuwa lile lile la siku zote: "Hauwezi kutupunguzia kidogo?" Nilimpa njia mbili. Kama sura ya mbinu za kazi wanaweza kuitafsiri wenyewe, maneno yanapungua na bei inapungua nayo. Au kama masharti yanaruhusu kuomba muda zaidi, kila siku ya kazi inayoongezeka inaondoa saa 6 kwenye bei ya 2 na kuziweka kwenye bei ya 1. Ninapunguza bei kwa kupunguza kazi au kuongeza muda. Nikipunguza bila kimoja kati ya hivyo, nimemfundisha mteja kwamba namba ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na dharura inayofuata ataanza mazungumzo kutokea kwenye namba ya pili. Hakuwa na njia ya kuongeza muda, sura ile hawakuwa na mtu wa kuitafsiri, akalipa.

Mwendo wa kazi nao una alama zake za hatari, na ni vizuri kuzipanga kabla ya kuanza. Kwa kasi ya maneno 300 kwa saa, Ijumaa saa 12 jioni nilipaswa kuwa na maneno 2,700, nusu kamili. Nilijiwekea kwamba nikiwa chini ya 2,400, yaani nimechelewa kwa saa nzima, akiba ya jioni ile inaingia kazini usiku ule ule. Kosa la kawaida ni kujiambia kwamba Jumamosi nitafidia. Jumamosi haina nafasi ya kufidia, kwa kuwa tayari imejaa saa 9, na baada ya hapo sentensi huanza kutoka zikiwa sahihi kwa sarufi na zimepotoka kwa maana. Saa hizo makosa hukaa kwenye vitu vidogo: tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, "kabla ya" imekuwa "baada ya", jina la kampuni limeandikwa kwa namna mbili. Katika zabuni, tarakimu moja ndani ya jedwali la bei inaweza kumwondoa mtu. Ndiyo maana upitiaji wote niliuweka Jumapili, baada ya kulala, na namba zote nikazipitia peke yake kwanza, nikiacha maneno, tena kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza ili macho yasibebwe na maana.

Jumamosi asubuhi lilifika toleo jipya la faili. "Tumerekebisha kidogo tu." Hakukuwa na alama yoyote ya mabadiliko. Nililinganisha matoleo mawili kwa kompyuta, nikakuta aya zilizobadilika zina maneno kama 450, baadhi yake nikiwa nimeshayatafsiri. Nilimwandikia yule wa kujibu maswali: mabadiliko haya ni saa moja na nusu, ni mwisho wa juma, kwa hiyo ni 3 juu ya bei; nithibitishie, vinginevyo naendelea na toleo la Alhamisi. Alithibitisha ndani ya dakika kumi. Wala hapakuwa na ugomvi, kwa sababu sharti lilikuwepo tangu mwanzo. Akiba ya Jumapili jioni ikaimeza saa hiyo moja na nusu, na kazi ikaondoka mikononi mwangu Jumapili saa 2 usiku. Kwenye ankara niliiandika nyongeza ya dharura katika mstari wake, na mabadiliko katika mstari mwingine, ili mhasibu wa upande wa pili aone ni kiasi gani kingeokolewa kama wangeanza wiki moja mapema.

Kazi ndogo zinataka hesabu yake. Mtu anaomba ukurasa mmoja na nusu, maneno 600, kabla ya jioni. Ni saa 2 na nusu hivi, na asilimia 50 juu yake ni sawa na malipo ya saa moja na robo. Lakini kuacha kazi iliyokuwa mkononi, kuingia kwenye mada nyingine, kuandikiana ujumbe, halafu kuirudia ile ya mwanzo hadi mawazo yakae sawa, kunakula saa nzima nyingine. Kwa hiyo nina kiwango cha chini cha dharura: kazi yoyote ya siku ile ile, hata iwe ya sentensi tano, hainitoki chini ya bei ya saa 3. Wateja wa kudumu wanalijua hilo, na baadhi yao wameanza kukusanya vijikazi vyao na kuvileta pamoja Jumatatu kwa bei ya kawaida.

Kukataa kuna sababu zake, na kwangu si nyingi. Ninakataa pale ambapo faili "litakamilika kesho", kwa sababu siwezi kupima kisichokuwepo. Ninakataa mteja mpya asiyetaka kutoa malipo ya awali, kwani kazi ya haraka ikishatumika hana tena sababu ya kuharakisha kulipa. Ninakataa kuwa na dharura mbili katika wiki moja. Saa za akiba za ile ya kwanza ndizo ningezitumia kwa ya pili. Na kuna maandishi ambayo bei haiwezi kuyafanya yakubalike: maelekezo ya dozi za dawa, maelekezo ya usalama ya mashine, fomu ya ridhaa ya upasuaji. Haya yanahitaji msomaji wa pili mwenye ujuzi, na kama muda uliopo haumtoshi huyo wa pili, basi haunitoshi na mimi. Mteja hupenda kusema hapo kwamba atalipa chochote. Ninamweleza kwamba kinachokosekana ni macho ya mtu mwingine, na hayo hayapatikani kwa kuniongezea mimi fedha.

Hapana yangu huitoa ndani ya nusu saa. Mwenye dharura akikataliwa saa 10 alasiri bado ana watu wa kuwapigia. Akikataliwa saa 3 usiku nimemdhuru kuliko kama nisingejibu kabisa. Kama nina mwenzangu ninayemwamini na ambaye nimeshamwuliza kama ana nafasi, ninampa mteja jina lake.

Kuna dharura ambayo sitozi nyongeza: ile iliyosababishwa na mimi, kwa mfano nilipochelewa kujibu na siku zikapungua. Na kuna mteja ambaye kila kazi yake ni ya haraka. Huyo hana dharura, ana mpangilio wa kazi ambao ndivyo ulivyo, na kumtoza nyongeza kila wiki kunamchosha yeye na kunichosha mimi. Kwa mteja wa namna hiyo nimehamia kwenye saa zilizohifadhiwa: analipia saa 12 kila mwezi mwanzoni mwa mwezi, kwa 1.25 kila moja, nami ninaziacha wazi, saa 3 kila wiki. Kazi yake ikiingia ndani ya saa hizo, inatoka siku hiyo hiyo bila nyongeza nyingine. Zisipotumika katika wiki yake hazihamii wiki inayofuata, kwa kuwa nilikwisha kuzinyima kazi nyingine. Akizidi, kinachozidi kinarudi kwenye jedwali la 1.5 na 2.